Roho inashuka kila Jumapili jioni: namna ya kupima kama ni kazi yenyewe njo haikukai tena

Hii kitu wengi tunaijua hapa Lubumbashi lakini hatuisemaka kwa sauti. Misa imeisha, bukari imelika, watoto wanacheza mu parsele, mpira wa Mazembe umeisha, kisha karibu saa kumi na moja, mbele giza iingie, tumbo inaanza kukaza. Unaanza kujibu watoto vibaya. Unazunguka na telefone mukononi bila kusoma kitu, bibi anauliza "uko na nini?" unasema hakuna, na Jumatatu asubui unapanda taksi-bis kama kawaida na hakuna mwenye anajua.

Sikuje kukuambia acha kazi, kazi Lubumbashi haiokotwake ku barabara. Nataka tu nikuonyeshe namna ya kutumia ile uzito kama kipimo. Iko na habari ndani yake, lakini kwa kuisikia tu hautaielewa, unapashwa kuiandika, kuilinganisha na Jumatatu yenyewe, kisha kuikata vipande vipande mpaka uone ni kipande gani kinauma. Na usizani ni uvivu. Mwili uko na tabia ya kujitayarisha mbele ya kitu unakiona kama hatari, hata kama kiko mbali bado. Kuna watafiti walipima kortizoli, ile homoni ya mukazo, mu mate ya watu asubui wakiamka, wakakuta inapanda zaidi siku za kazi kuliko siku za kupumzika. Donk mwili wako unajua kama kesho ni Jumatatu, haungojake ruhusa yako.

Hatua ya 1: toa kwanza vitu vyenye si kazi

Hapa watu wengi wanapoteaka, juu wanaenda moja kwa moja ku patro. Mbele ya kumushitaki patro angalia usingizi wako. Kama Ijumaa na Jumamosi ulikesha ku matanga ao ku ndoa ukalala saa tisa ya usiku, Jumapili ukaamka saa tano, basi Jumapili usiku mwili haiko tayari kulala mapema, utageuka geuka mu kitanda na kichwa itatafuta sababu, na sababu ya karibu ni kazi. Pombe pia. Simba tano za Jumamosi zinaweza kukupa Jumapili jioni woga yenye haina jina, ni pombe inatoka mu damu, hauitaji kuandika barua ya demisyo juu ya ile.

Kisha angalia kama ni Jumapili peke yake. Hii ni ya maana sana. Kama Jumanne na Ijumaa pia uko vile vile, hata siku za konje, kama vitu vyenye ulikuwa unapenda havikusemeshe kitu tena, hauli, ao unalala sana na bado unachoka, na hiyo imeshafika wiki mbili na kupita, hapo si kipimo cha kazi tena, enda uone munganga. Uanze na munganga wa kawaida, malaria ya mara kwa mara na upungufu wa damu vinaweza kumumaliza mutu hivyo hivyo. Kama anakutuma kwa wa magonjwa ya akili usikatae, hapa muji kuna santri ya Joseph Guislain, na kuenda pale haimanishe wewe ni mwenda wazimu. Kama mawazo ya kujiua yanapita mu kichwa usingoje Jumapili ingine, umuambie mutu leo leo na uende.

Najua pia kuna wenye watakuambia ni mikosi, ni mutu wa biro anakufanyia kitu. Enda uombewe kama unaamini, sikatazi, lakini kaye uiandike vile vile.

Hatua ya 2: andika Jumapili nne, na Jumatatu zake

Chukua kaye ya kawaida, si telefone ya kazi, si ordinatere ya biro, utaelewa mbele ni sababu gani. Kila Jumapili, pale tu unasikia inaanza, andika mistari mine. Saa ngapi imeanza. Nilikuwa nafanya nini. Picha gani imekuja mu kichwa. Na namba, kutoka 0 (niko sawa) mpaka 10 (nataka kutapika).

Ule mustari wa picha njo wa maana kupita yote na njo watu wanaukosaka. Usiandike "kazi inanichokesha", ile si picha, ile ni hitimisho. Picha ni kitu unaweza kuonyesha kwa kidole: mulango wa biro ya shefu, telefone ya klia fulani ikilia, ile karatasi yenye hauja kusaini, kiti chako, barabara ya Likasi saa kumi na moja ya asubui ukiwa mu bis ya kampuni. Kama hauone picha, fumba macho uangalie Jumatatu kuanzia ku mulango wa nyumba yako, utembee polepole mu mawazo mpaka mahali tumbo inakaza. Pale. Andika pale.

Kisha Jumatatu saa sita ya muchana, ongeza mustari wa tano: yenye niliogopa imefika ao haikufika, na namba ya sasa hivi. Huu mustari watu wanausahau juu Jumatatu mutu anakuwa na mambo mingi, tia alarme ku telefone. Bila huu uko na nusu ya habari tu.

Juu ya nini Jumapili nne? Juu ndani ya mwezi utapata moja ya mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga konti na rapoti, na moja yenye iko karibu na siku ya mushahara, na zile mbili hazifananake. Mutu mwenye anapima Jumapili moja tu ya tarehe 30 atasema kazi yote ni mubaya, kumbe ni rapoti.

Hatua ya 3: soma kaye

Anza na namba za Jumatatu. Kama Jumapili uko 8 na Jumatatu saa sita uko 2, na ni hivyo mara zote, basi wewe unateswa na kungojea, si na kazi. Kazi yenyewe ukiingia ndani unaiweza. Dawa ya ile ni ndogo: Ijumaa mbele ya kutoka biro andika ku kikaratasi vitu vitatu vya kwanza vya Jumatatu, uanze hata ya kwanza kidogo, uache kikaratasi ku meza. Kichwa inachokaka na kitu chenye haijakipanga kuliko kitu kigumu chenye kimeshapangwa. Wengi wanaponaka hapo na hawaitaji kuendelea kusoma.

Kama Jumapili 8 na Jumatatu saa sita bado 7, na yenye uliogopa haikufika hata, basi tuendelee, juu uzito hautoki ku siku, unatoka ku kitu ndani ya kazi.

Sasa angalia picha. Christina Maslach na Michael Leiter, watafiti wenye wamechunguza sana uchovu wa kazi, walionyesha kama mutu na kazi yake wanaweza kuachana mu mambo sita: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na kutambuliwa, watu wa pale, haki, na mambo yenye mutu anaamini. Sitazieleza zote sawasawa, juu hapa kwetu haziko na uzito sawa. Wingi wa kazi watu wanauonaka wenyewe. Malipo pia, na hapo niseme wazi, mushahara mudogo unaleta hasira ya tarehe 20 falanga ikiisha, lakini mara chache njo unaleta ile woga ya Jumapili. Kama picha yako ni falanga, tafuta falanga, usichanganye.

Zenye zinajificha ni tatu: ya kuamua, ya haki, na ya imani. Ya kuamua unaitambua hivi: picha yako ni wewe unangojea mutu. Unangojea sinyatire, unangojea shefu arudi toka Kolwezi, unajua jibu ya kazi tangu Jumanne lakini hauna ruhusa ya kuisema. Ya haki, picha ni sura ya mutu mwingine, kolege mwenye alipandishwa juu ni mutoto wa ndugu, na kila Jumatatu unamusalimia. Ya imani, picha yako ni kitu wewe mwenyewe unafanya, mikono yako, sahihi yako. Hii ya mwisho njo nzito kupita zote, na njo yenye haipunguke na konje wala na kuongezwa dola hamsini.

Hatua ya 4: kata kipande kimoja kimoja

Mu kaye andika Jumatatu ya uongo. Shefu amesafiri. Je, namba inabaki? Rudisha shefu, toa reunio. Namba? Rudisha reunio, toa ile kazi moja yenye picha yako ilionyesha, iachie mutu mwingine. Namba? Kisha ya mwisho: kila kitu kimeenda vizuri, mushahara umeingia, watu wanacheka, wewe uko ku kiti chako unafanya kazi yako vizuri sana. Namba?

Kama ile ya mwisho bado iko juu, kazi haikukai tena, hata ikitengenezwa. Kama inashuka ku kipande kimoja tu, basi haukatai kazi, unakataa kipande, na kipande kinaweza kuombwa kitolewe. Ni tofauti kubwa, mutu anaweza kuacha muti yote juu ya tawi moja.

Usitegemee mawazo peke yake, maisha nayo inakupimia. Tafuta mu miezi ya nyuma siku zenye kipande kimoja kilitoka kwa bahati: shefu alikuwa mugonjwa, ulitumwa kusaidia biro ingine, kurant ilikatika siku mbili mukafanya kazi na mukono. Ile siku ulirudi nyumbani namna gani?

Mufano wenyewe

Nikuambie ya dada mumoja wa Bel-Air, amenipa ruhusa nisimulie bila jina. Alikuwa mu ajansi ya tranzi, miaka 6 na kontra ya bila muda. Aliingia kama dekleran, anashuka Kasumbalesa mara mbili tatu kwa wiki, anafuata dosie ku duani, anajua kuingiza deklarasyo mu SYDONIA, anabishana na shofere na magari ya mizigo, anarudi na vumbi mpaka ku masikio. Kisha walimupandisha, wakamuweka ku biro hapa muji kutengeneza fakture za baklia. Mushahara juu, klimatizere, hakuna vumbi. Familia yote ilifurahi. Na pale njo Jumapili zilianza kuwa mubaya.

Jumapili ya kwanza ya kaye: saa kumi na moja na nusu, nakunja nguo za watoto, picha ni reunio ya Jumatatu asubui, 7. Jumatatu saa sita: reunio ilipita salama, hakuna mutu alipiga kelele, 6. Hapo tayari ungeshituka, juu yenye aliogopa ilipita na namba ilishuka moja tu. Yeye alisema "yaya, nazani ni uchovu."

Jumapili ya pili shefu alikuwa Kolwezi, reunio ilifutwa, yeye alijua tangu Ijumaa. Aliandika 7 vile vile. Donk si reunio. Lakini picha bado ilikuwa ile sale ya reunio, na nikamuuliza, mu ile sale unaona nini? Akakaa kimya kidogo. "Naona anveloppu ya kaki."

Kila Jumatatu ku reunio walikuwa wanamupa anveloppu yenye vikaratasi vya matumizi ya wiki, falanga zenye zilitoka ku barabara bila kitansi, na kazi yake ilikuwa kuzivalisha nguo, yaani kuziingiza mu fakture ya klia kwa jina lingine, huku "manitansyo", kule "frais za dosie", na chini anatia sahihi yake. Wakati alikuwa Kasumbalesa alijua zile falanga zinatoka, lakini hakuwa yeye mwenye kuziandika. Jumapili ya tatu picha ilikuwa wazi, kalamu yake juu ya fakture, 8. Ya ine ilikuwa mwisho wa mwezi, 9, na Jumatatu yake saa sita 8.

Sasa kukata vipande. Akitoa shefu, 8. Akitoa wingi wa kazi, 8. Akitoa anveloppu, alisema 3. Na akakumbuka Alhamisi moja kolege wa mupaka aliugua, wakamutuma yeye Kasumbalesa, aliamuka usiku usiku, akarudi saa ine ya usiku miguu imevimba, na alilala kama mutoto. Ile siku moja ilisema mambo mingi kuliko kaye yote: si uchovu, si tranzi, si duani hata, ni kiti.

Ona pia yenye angekosea. Kama angeacha tu juu "kazi inanichokesha", angetafuta kazi ya biro ingine yenye utulivu, benki labda, na angejikuta ku kiti ingine mbali na ufundi wenye anajua. Kumbe yeye alikuwa anataka vumbi.

Hatua ya 5: omba kitu kimoja, na tarehe

Mbele ya kutoka unapima kama kipande kinaweza kutolewa. Usiende kwa shefu na malalamiko kumi, atachagua yenye iko rahisi kwake na atakuambia amekusikia. Enda na moja. Usiende Jumatatu asubui, enda katikati ya wiki kisha muchana, wakati moto imepungua. Sema kwa heshima kama vile tunasemaka na wakubwa lakini usizunguke:

"Shefu, naomba dakika kumi. Miaka ya Kasumbalesa nilikuwa natumika vizuri na dosie zilikuwa zinatoka mbio, unajua. Naomba nirudi ku deklarasyo, hata na mushahara wa pale. Naweza kufundisha mutu wa fakture ndani ya mwezi. Tunaweza kupanga tarehe?"

Ile neno tarehe njo kipimo. Shefu mwenye anataka kukusaidia atasema "ngoja nione na direktere, rudi tarehe 15". Mwenye hataki atasema "wewe njo tunakuamini pale", ao "mwezi kesho tutaona". Yule dada alijibiwa yote mbili. Akarudi mwezi wenyewe, akajibiwa tena. Mimi nasema wiki sita zinatosha. Zikipita bila tarehe, jibu umeshaipata, wamekujibu na kimya.

Na kama picha yako ni sahihi yako kama yule dada, kuna kitu haingoje wiki sita. Siku udhibiti ukifika watatafuta mwenye aliandika, hawatatafuta mwenye alisema. Uombe maagizo kwa maandishi, hata mesaji fupi, "shefu, hii 300 niiandike wapi na kwa karatasi gani?" Mara ingine swali yenyewe ikishaandikwa, maagizo yanabadilika. Lakini usibebe karatasi za kampuni nyumbani, hiyo wanaweza kuigeuza kosa lako. Andika mu kaye yako: tarehe, nani alisema, alisema nini. Njo maana nilikatalia telefone ya kazi.

Hatua ya 6: kama ni kutoka, toka na hesabu

Hautoke Jumatatu asubui ukiwa na 9. Ile asubui kichwa haiko sawa. Amua Jumatano.

Falanga kwanza. Hesabu matumizi ya lazima ya mwezi moja: nyumba, bunga, usafiri, minerval, dawa, na zamu yako ya likelemba kama umeshakula mbele, ile ni deni usiisahau. Zidisha kwa tatu. Kama hauna hiyo na hauna kazi ingine imeshasaini, kaa kwanza uku unatafuta. Na angalia kalendari, kutoka mwezi wa nane uku masomo yanaanza mwezi wa tisa ni kujiua bure, na kutoka katikati ya mvua, mbele mahindi mapya yatoke, wakati bunga inapanda, si vizuri kama hauna akiba. Kama zamu yako ya likelemba inakuja mu mwezi wa tano, basi demisyo ni ya mwezi wa tano.

Kisha kontra. Isome, wengi hawajaisomaka tangu siku ya kusaini. Kama ni ya muda maalum, angalia inaisha lini, juu ukivunja mbele ya muda wanaweza kukudai fidia, na mara nyingi ni vizuri kungojea iishe na kusema mapema kama hautaendelea. Kama ni ya bila muda, unapashwa kutoa preavi. Kodi ya kazi ya Kongo, ile sheria 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema patro akikutoa anapashwa kukupa si chini ya siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila muaka kamili wa kutumika. Wewe ukitoka mwenyewe unatoa nusu ya ile.

Yule dada: miaka 6, ni 14 na 42, jumla 56, nusu ni siku 28. Ni siku za kazi, Jumapili na siku kuu hazihesabiwe, donk ukihesabu siku sita kwa wiki ni wiki ine na siku ine. Angalia tu kama kontra yako ao makubaliano ya kampuni na sendika haina kitu ingine juu yake. Ukipotea tu bila preavi, wanaweza kukudai mushahara wa zile siku, na wataukata ku falanga zako za mwisho, kisha wataandika kama ulitoroka, na muji hii ni mudogo, watu wa tranzi wanajuana wote.

Barua iwe fupi. Tarehe, natoa demisyo, preavi inaanza siku fulani na inaisha siku fulani, asante kwa miaka yenye nilitumika. Usieleze anveloppu ya kaki, usieleze Jumapili zako. Fanya kopi mbili, moja wanapokea, ya pili waweke muhuri na tarehe ya kupokea, ile unabaki nayo. Bila ule muhuri siku zako za preavi haziko na mwanzo, na kuna masekretere wenye watakuambia "iache tu hapa, nitamupa shefu". Ngoja, hata saa mbili, ngoja.

Mu preavi endelea na kaye. Mara nyingi namba ya Jumapili inaanguka palepale barua ikishapokelewa, hata kama kazi ni ile ile na anveloppu ni ile ile. Kama haianguke, kama uko bado 8 wakati unajua unatoka, rudi ku hatua ya kwanza, kuna kitu hatukukiona, labda munganga njo alikuwa wa kwanza. Yule dada alishuka mpaka 4. Sasa iko ku ajansi ingine, mushahara umepunguka kidogo, mupaka mara tatu kwa wiki, na Jumapili zingine anaandika 3 juu anajua ataamuka usiku. Tatu ni ya kawaida, hakuna mutu ameahidiwa sifuri.

Siku za mwisho, tengeneza remiz-repriz yenye imesainiwa na watu wawili, wewe na mwenye anapokea: dosie zenye ziko wazi, funguo, ordinatere, kesi kama ulikuwa na kesi, na mu kesi hesabu falanga mbele yake noti kwa noti. Omba dekonti final iwe na siku za konje zenye haukukula, zinalipwa. Omba karatasi ya kushuhudia ulitumika kutoka tarehe gani mpaka tarehe gani na ku kazi gani, hiyo ni haki yako hata kama mumeachana vibaya, na kama wanakatalia, enda ku Inspeksyo ya Kazi na kontra na ile kopi yenye muhuri. Na mbele ya kutoka, uliza namba yako ya CNSS na uende ku biro yao uangalie kama kotizasyo za ile miaka zililipwa kweli. Kuna watu wanakutwa wamekatwa kila mwezi ku fishi ya mushahara na kule hakuna kitu kilifika, na ni rahisi kulidai ukiwa na fishi zako zote mukononi, donk anza kuzikusanya leo, hata kama haujaamua kutoka.